Ramani ya PDF inapotoa vipimo visivyo vyake: kusoma dalili na kurekebisha

Faili lilinifikia jioni: ramani ya nyumba ya vyumba vitatu inayojengwa Kibaha, ukurasa mmoja, na mwenye nyumba alitaka kujua idadi ya matofali kabla ya Jumamosi. Kwenye kisanduku cha chini kulia imeandikwa skeli 1:100. Nikalifungua kwa Acrobat Reader, nikaweka skeli hiyohiyo, nikapima kutoka mstari wa gridi A hadi mstari wa gridi D. Msanifu ameandika pale 12600, yaani mita kumi na mbili na sentimita sitini. Kompyuta ikanijibu 6050.

Wengi wakifika hapo huanza kubahatisha. Wanajaribu 1:150, wanajaribu 1:200, namba inakaribiana na ile iliyoandikwa, wanasema "si mbaya" na kuendelea. Ubaya wa kubahatisha ni kwamba ile tofauti ndogo inayobaki huifuata kila ukuta na kila chumba, na kwenye eneo la sakafu inakua. Namba yenye kosa ina habari ndani yake. Ukiisoma vizuri, inakuambia yenyewe faili lilipita wapi kabla ya kukufikia.

Kabla ya dalili yoyote: gawanya

Tafuta kipimo kirefu kuliko vyote kilichoandikwa kwenye mchoro, kwa kawaida kile cha gridi ya kwanza hadi ya mwisho. Kipime kwa skeli iliyotajwa kwenye ramani. Halafu chukua ulichopima, gawanya kwa kilichoandikwa. Kwangu ilikuwa hivi:

```
6050 / 12600 = 0.48
```

Jibu likiwa 1, skeli ni nzima na shida yako iko kwingine, ruka huko chini. Likiwa si 1, angalia linafanana na nini.

Ukipata karibu 0.04, shida ni ya yuniti tu. Kisanduku cha skeli kina nafasi mbili, na kila moja ina yuniti yake. Mtu ameandika 1 na 100 vizuri, lakini upande wa kushoto umebaki kwenye inchi na wa kulia ukawa milimita. Kwa kuwa inchi moja ni milimita 25.4, kila kipimo hupungua mara 25.4, na 1 kugawanya kwa 25.4 ni 0.039. Ndugu yake wa karibu ni yule anayeona "2.38 in" kwenye ukuta wa mita kumi na mbili. Huyo hajaweka skeli kabisa. Programu inampimia karatasi, si nyumba.

Ukipata 0.5 kamili, mchoro ulitayarishwa kwa karatasi ya A1 na wewe una A3. A1 ni milimita 841 kwa 594, A3 ni 420 kwa 297, nusu kwa kila upande. Maneno "1:100" yalisafiri pamoja na mchoro bila kubadilika, lakini mchoro wenyewe umesinyaa na skeli ya kweli sasa ni 1:200. Wasanifu makini huandika "1:100 @ A1" kwa sababu hiyohiyo. Ukipata 0.71, karatasi imeshuka hatua moja tu: A1 kwenda A2, A2 kwenda A3, au A3 kwenda A4.

Ukipata kati ya 0.94 na 0.98, mtu aliprinti au alitengeneza PDF huku kisanduku cha `Fit` kikiwa kimechaguliwa. Programu ilipunguza mchoro kidogo ili upate pambizo pande zote. Hili ndilo kosa ninaloliogopa zaidi, kwa sababu jicho halilioni. Nusu utaishtukia, lakini chumba cha 3600 kikisoma 3460 utasema mkono wako ulitetemeka.

Na ukipata 1.04, kipimo kimezidi badala ya kupungua, uliza kama mchoro ulianza maisha yake kwa futi. Skeli ya Kimarekani ya moja ya nane ya inchi kwa futi moja ni 1:96, si 1:100, na anayeisoma kama 1:100 anazidisha kwa asilimia nne. Hukutana nalo kwenye ramani ambazo ndugu aliyeko Marekani amechorewa huko na kuzituma nyumbani kujengwa.

Sasa rudi kwenye 0.48 yangu. Haimo kwenye orodha. Lakini 0.5 mara 0.96 ni 0.48. Faili hili lilikuwa na magonjwa mawili: lilishushwa kutoka A1 hadi A3, na wakati wa kushushwa `Fit` ilikula asilimia nne nyingine. Nilithibitisha nusu ya kwanza kwa kufungua `File > Properties`, kwenye kurasa ya `Description`, mstari wa `Page Size`: 16.54 × 11.69 in, ambayo ni A3. Ile nusu ya pili ilithibitika kwa macho, kwani fremu ya mchoro ilikuwa mbali na ukingo wa karatasi kuliko msanifu yeyote anavyoiweka.

Tahadhari ndogo kuhusu `Page Size`: ni ushahidi kwa faili lililotoka moja kwa moja kwenye programu ya kuchorea. Faili lililoskaniwa kwa simu linaweza kujiita A4 hata kama karatasi yenyewe ilikuwa kubwa kama meza.

Kuweka skeli ya kweli

Acrobat Reader haina kitufe cha kubofya nukta mbili na kuiambia "hapa ni 12600". Programu nyingine za kupimia, kama Bluebeam Revu, zinacho. Kwenye Reader unafanya hesabu mwenyewe, nayo ni ya dakika moja.

Fungua kifaa cha kupimia, `Measure` kwenye matoleo ya zamani na `Measure objects` kwenye mapya. Bofya kitufe cha kulia cha mausi juu ya ukurasa, chagua `Change Scale Ratio`, weka 1 mm = 1 mm. Sasa programu inapima karatasi tupu. Kuza ukurasa hadi mstari wa gridi A uwe mnene kwenye skrini, bofya. Sogea hadi gridi D, bofya. Mimi nilipata 60.5 mm. Kisha:

```
12600 / 60.5 = 208.26
```

Rudi `Change Scale Ratio`, weka 1 mm = 208.26 mm. Ndiyo, namba ni mbaya kutazama na hakuna rula ya skeli ya 1:208.26 inayouzwa popote, lakini kompyuta haijali. Pima tena gridi A hadi D ili uone 12600, halafu, na hapa ndipo watu wanapofanya uvivu, pima kipimo kingine kilichoandikwa upande wa pili wa nyumba, kilicholala wima. Vikikubali vyote viwili unaweza kuanza kazi.

Kwa nini nasisitiza kipimo kirefu? Chukulia mkono wako unakosea nusu milimita kwenye karatasi. Katika milimita 60.5, hilo ni kosa la chini ya asilimia moja. Lakini yuko anayeweka skeli kwa kutumia mlango, kwa kuwa "mlango ni 900 kila mahali". Kwenye faili hili mlango wa 900 una urefu wa milimita 4.3 tu. Nusu milimita hapo ni zaidi ya asilimia kumi na moja, na kosa hilo ataligawa nyumba nzima. Isitoshe 900 yenyewe haijulikani ni ya nini: ubao wa mlango, fremu, au tundu la ukutani?

Na kwa eneo, kumbuka kosa linajizidisha lenyewe. Ningeridhika na 1:200, kila urefu ungepungua kwa asilimia nne, lakini sakafu ya mita za mraba 100 ingesoma 92. Marumaru za mita nane za mraba zingekosekana, na fundi angelaumiwa kuwa kazivunja.

Skeli imekubali kwa upana, imekataa kwa urefu

Wiki iliyofuata mwenye nyumba alileta nakala ya pili, ile yenye muhuri wa kibali cha ujenzi, iliyoprintiwa A3 na kuskaniwa. Gridi A hadi D ilisoma 12600 bila matatizo. Gridi 1 hadi 4, ambayo imeandikwa 9000, ikasoma 8865. Gawanya: 0.985 kwa wima, 1 kwa mlalo.

Hii haiwezi kuwa skeli, kwa sababu skeli huharibu pande zote sawasawa. Upande mmoja ukiwa tofauti na mwingine, karatasi ilipita kwenye mashine. Skana inayovuta karatasi kwa rola ikiteleza kidogo, mchoro unafupika au unarefuka kuelekea upande wa mvuto, huku upana ukibaki salama. Karatasi iliyopindishwa tu haina shida hiyo. Mchoro uliolala kidogo upande bado una urefu uleule, kwa hiyo usipoteze muda kuunyoosha.

Kama programu yako inaruhusu skeli mbili, moja ya mlalo na moja ya wima, ziweke tofauti. Revu inaruhusu. Kwenye Reader ninapima kuta zote za mlalo kwa 208.26, nabadili skeli kuwa 208.26 gawanya kwa 0.985, ambayo ni 211.4, kisha napima za wima. Ukuta wa mshazari siupimi kabisa kwenye faili la namna hiyo. Nakokotoa kutoka urefu wa mlalo na wa wima.

Picha iliyopigwa kwa simu juu ya meza ni habari nyingine. Kamera ikiinama, upande ulio karibu unakuwa mkubwa na wa mbali unakuwa mdogo, na skeli inabadilika kila sentimita unayosogea. Utaijua kwa kupima vipimo vitatu vinavyofanana, kimoja juu, kimoja katikati, kimoja chini ya ukurasa. Vikishuka kama ngazi, achana na faili hilo. Omba lile la asili, na ukitumiwa kwa simu, waambie walitume kama dokyumenti, si kama picha.

Kishale hakinasi kona

Unasogeza kishale kwenye kona ya ukuta ukitegemea kitajivuta chenyewe, hakijivuti. Au kinajivuta, lakini sehemu usiyoitaka. Hayo ni matatizo mawili tofauti.

Kwa la kwanza, kuza ukurasa hadi asilimia 1600 au zaidi uangalie mstari mmoja. Ukibaki mkali na laini, mchoro una mistari ya kweli na kunasa kunawezekana. Hakikisha tu vitufe vya kunasa vimewashwa, hasa `Snap to Endpoints` na `Snap to Intersections`. Mstari ukigeuka vidirisha vidirisha kama ngazi, hiyo ni picha. Ndani ya faili hakuna ukuta wala kona, kuna madoa meusi na meupe, na hakuna mpangilio utakaokifanya kishale kinase.

Kwenye picha, ujue kikomo chako. Karatasi iliyoskaniwa kwa nukta 200 kwa inchi ina pikseli zenye upana wa milimita 0.127. Kwa skeli yangu ya 1:208.26 pikseli moja ni milimita 26 za nyumba. Mstari wa ukuta wenye unene wa pikseli tatu unafunika milimita 79, zaidi ya nusu ya tofali la inchi sita. Kwa hiyo uamue mapema kama unabofya katikati ya mstari au ukingo wake wa nje, na ushike hilohilo mwisho hadi mwisho. Na unapoandika majibu, zungusha kwenye milimita 50 zilizo karibu. Anayeandika 3447 kutoka kwenye skani anajidanganya.

La pili, kunasa pasipotakiwa, hutokea kwenye faili zuri kupita kiasi. Msanifu amejaza ukuta kwa vimistari vya mshazari kuonyesha tofali, na kila kimistari kina ncha mbili na katikati yake. Kishale kinachanganyikiwa kama kuku sokoni. Zima `Snap to Midpoints`, kuza zaidi, na kitatulia. Angalia pia kama mstari ulionaswa ni wa tofali au wa lipu. Hapo tofauti ni milimita kumi na tano hivi kwa kila upande, na huwezi kuiona kabla hujakuza.

Wengine hulaumu mkono: "mstari wangu haukunyooka". Shikilia `Shift` ukibofya nukta ya pili nao utanyooka. Lakini kwa ukweli, kupinda kidogo hakuharibu kitu. Ukipima ukuta wa 6300 na ncha moja ikakosea kwenda juu kwa milimita 60, jibu linaongezeka kwa milimita 0.3 tu. Kosa linalouma ni lile la kuelekea mbele au nyuma, kwa urefu wa mstari wenyewe, na hilo `Shift` hailitibu.

Vipimo vyote vimekubali isipokuwa kimoja

Hapa wengi huirudia skeli na kuiharibu. Usiiguse. Skeli iliyokubali sehemu tano haiwezi kukosea ya sita.

Kwenye ramani yangu, kati ya gridi C na D pameandikwa 4200, nami napima 4500. Nikajumlisha mnyororo mzima: A hadi B ni 3600, B hadi C ni 4500, C hadi D ni 4200. Jumla 12300. Lakini jumla iliyoandikwa juu yake ni 12600. Mchoro na jumla vinasema 4500, na ile namba moja inasema 4200. Mchoraji alipanua chumba, mstari wa juu ukajisahihisha, lakini namba ya chini ilikuwa imeandikwa kwa mkono juu ya kipimo halisi na haikusogea. Inatokea kinyume pia: namba imebadilishwa kwa makusudi na mchoro haukuchorwa upya, ndipo unaona `NTS` pembeni, maana yake mchoro haufuati skeli.

Kipi ni sahihi? Si kazi yangu kuamua, wala yako. Karibu kila ramani imeandikwa kwamba vipimo vifuatwe vilivyoandikwa na visipimwe kwenye karatasi, na kwa fundi aliye kwenye kiwanja hiyo ni sheria. Kifaa cha kupimia ni cha kukadiria na cha kugundua mgongano kama huu. Ukiugundua, unampigia msanifu. Niliuliza, akasema 4500, akanitumia masahihisho kwa maandishi, na maandishi hayo nimeyahifadhi.

Kuna tofauti nyingine inayofanana na hii lakini si kosa la mtu. Gridi kwa kawaida hupita katikati ya ukuta. Kati ya gridi A na B kuna 3600, lakini chumba chenyewe, kutoka uso wa tofali hadi uso wa tofali la milimita 150, ni 3450. Ukiona tofauti inayolingana na unene wa ukuta mmoja, hukukosea kupima. Umepima kitu kingine.

Upande mmoja wa ukurasa ni sawa, mwingine ni uongo

Kona ya kulia ya karatasi ileile ina mkato wa msingi, na chini yake imeandikwa 1:20. Ukiupima kwa skeli ya ramani, upana wa zege unatoka mara tano ya ulivyo. Skeli ni ya kila mchoro, si ya karatasi. Badili skeli kabla ya kupima mkato (kwangu ilikuwa 20 mara 2.0826, yaani 41.65, kwa kuwa nao ulisinyaa pamoja na wenzake), na ukirudi kwenye ramani irudishe. Mimi huipima gridi A hadi D kila ninaporudi. Ni sekunde kumi.

Mara nyingine skeli inabadilika yenyewe unapohama, au programu inang'ang'ania skeli ambayo hukuiweka. Baadhi ya programu za kuchorea huficha habari ya skeli ndani ya PDF, kila dirisha la mchoro na yake. Ni jambo zuri likiwa sahihi. Likiwa si sahihi, nenda `Preferences > Measuring (2D)` na uondoe alama kwenye `Use Scale and Units from Document`, halafu weka yako.

Umepima, lakini alama hazibaki

Sasa namba ni sahihi na unataka zikae juu ya ramani ili fundi azione. Unapima, namba inaonekana, unaanza kipimo kingine, ile ya kwanza imetoweka.

Kisababishi cha kawaida ni kwamba programu inapima bila kuandika. Bofya kitufe cha kulia cha mausi wakati wa kupima, chagua `Enable Measurement Markup`. Kuanzia hapo kila kipimo kinabaki kama maoni mengine yoyote kwenye faili, unaweza kukibofya, kukibadili rangi na kukifuta. Hapohapo kuna `Change Markup Label`. Itumie kuandika mahali, kama "Ukuta wa baraza", la sivyo utakuwa na namba thelathini zisizo na wenyewe.

Ikiwa bado hazikai, au kifaa chenyewe kimefifia, fungua `File > Properties > Security` uangalie mstari wa `Commenting`. Ukisema `Not Allowed`, aliyetengeneza faili amelifunga. Mwombe nakala iliyo wazi. Kuna njia za panya, lakini faili lenye muhuri limefungwa kwa sababu.

Alama zikishakaa, zifunge. Mtu mwingine akifungua faili anaweza kuburuta mstari bila kujua, nao ukabaki unaelekeza ukuta usio wake. Bofya kitufe cha kulia juu ya alama, fungua `Properties`, weka tiki kwenye `Locked`.

Kama zinaonekana kwenye skrini lakini hazitoki kwenye karatasi, basi dirisha la kuprinti lilikuwa kwenye `Document` peke yake. Chagua `Document and Markups` chini ya `Comments & Forms`. Steshenari nyingi hazigusi sehemu hiyo, kwa hiyo waambie kabla karatasi haijatoka.

Na fundi akisema kwenye simu yake haoni chochote ila ramani, programu yake haionyeshi maoni. Suluhisho ni kuzichanganya alama na mchoro: printi faili kwenda PDF mpya kwa `Microsoft Print to PDF`, ukiwa na `Document and Markups`. Lakini hapa ndipo mtego wa mwanzo unaporudi. Dirisha la kuprinti likiwa kwenye `Fit`, au karatasi ikiwa A4, faili jipya litasinyaa tena, na alama zako zitasoma 12600 juu ya mchoro ambao si 1:208.26 tena. Chagua `Actual size`, chagua A3 ileile, na andika kwenye kona ya ukurasa kwa maandishi ya kawaida skeli uliyotumia na kipimo ulichoiwekea. Yangu iliandikwa: "1:208.26 kwenye A3, imewekwa kwa gridi A–D = 12600." Kisha nikalifungua lile faili jipya, nikapima gridi A hadi D kwa 1 mm = 1 mm, ikasoma 60.5. Nikamtumia mwenye nyumba Ijumaa saa tatu usiku.